Funda baada ya funda: kwa nini sukari kidogo ya mara nyingi huozesha meno kuliko sukari nyingi ya mara moja

“Shikamoo daktari. Nina miaka 43, ni fundi cherehani hapa Tanga. Naweka vijiko vitano vya sukari kwenye chupa ya chai ya nusu lita, na chai hiyo nainywa kidogo kidogo nikishona, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Alasiri nafyonza pipi tatu hivi. Mume wangu anakunywa chai tamu asubuhi na jioni, na mchana anashushia chakula kwa soda, kwa hiyo sukari yake inaizidi yangu sana. Sote tunapiga mswaki kwa dawa ileile. Mbona mimi nimetoboka meno manne katika miaka miwili na yeye hana hata moja?”

Marahaba, dada. Jino halina namna ya kujua umekula gramu ngapi za sukari kwa siku. Kinacholidhuru ni asidi iliyolala juu yake, na kinachoamua ukubwa wa madhara ni jumla ya dakika ambazo asidi hiyo imekaa hapo. Dakika hizo huongezeka kila sukari inapoingia kinywani upya, hata kama ni funda moja la chai, na ndiyo maana mtu anayetumia sukari kidogo kuliko mwenzake anaweza kuwa na meno mabovu zaidi. Ili jambo hili lieleweke vizuri, itabidi tufuate kinachotokea juu ya jino dakika kwa dakika baada ya funda moja.

Sukari yenyewe si asidi. Asidi hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya ukoga, yaani ule utando laini unaonata kwenye meno, hasa katikati ya jino na jino, kwenye mifereji ya magego na pale jino linapokutana na ufizi. Wengi wa bakteria hao hawana ubaya wowote, lakini wapo, hasa wa jamii ya streptokoki na laktobasili, ambao huimeng’enya sukari kwa kasi kubwa na kutoa asidi ya laktiki kama taka. Sukari ya mezani huyeyuka kwa urahisi na molekuli zake ni ndogo, kwa hiyo hupenya ndani ya ukoga mara tu inapoyeyuka kwenye mate, na asidi huanza kutolewa kabla hujamaliza kumeza.

Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yana pH ya 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ya kushuka ina maana ya asidi mara kumi zaidi, hivyo ukoga unaposhuka kutoka 7 hadi 5, asidi yake imeongezeka mara mia, ingawa kwa macho namba mbili hizo zinaonekana kukaribiana.

Katika miaka ya 1940, daktari wa meno wa Kimarekani, Robert Stephan, aliwasukutulisha watu maji yenye glukosi ya asilimia 10, kisha akapima pH ya ukoga wao ulipo, juu ya meno yao, kwa vijiti vyembamba vya madini ya antimoni vilivyounganishwa na kifaa cha umeme. Mchoro alioupata umefundishwa katika vyuo vya meno tangu wakati huo na bado unaitwa kwa jina lake. Kabla ya kusukutua, ukoga huwa na pH kati ya 6.5 na 7. Sukari ikishaingia, pH huporomoka ndani ya dakika chache tu hadi karibu 5, wakati mwingine chini ya hapo. Hubaki huko chini kwa muda, halafu huanza kupanda polepole, na mara nyingi huchukua kati ya dakika 30 na 60 kurudi mahali ilipoanzia. Kushuka ni kwa ghafla, kupanda ni kwa kujikokota, na karibu kila nitakalokueleza baadaye linatokana na tofauti hiyo ya kasi.

Katikati ya mteremko huo upo mpaka, ambao kwa enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huhesabiwa kuwa karibu pH 5.5. Enameli imejengwa kwa kalsiamu na fosfati zilizopangwa kama fuwele. Mate nayo yamejaa madini hayohayo, kiasi kwamba katika hali ya kawaida fuwele za jino haziwezi kuyeyuka ndani yake, kama vile chumvi isivyoweza kuyeyuka tena katika maji yaliyokwisha kushiba chumvi. Asidi inapoongezeka, hata hivyo, huzinasa fosfati zilizomo kwenye majimaji ya ukoga na kuzigeuza, hivyo majimaji hayo hayahesabiki tena kuwa yameshiba, na jino huanza kutoa madini yake kuziba pengo. Ikivuka 5.5 kwenda chini, jino linapoteza, ikivuka 5.5 kwenda juu, madini yanaanza kurudi. Mpaka huu si mstari mmoja kwa watu wote, kwa sababu mwenye mate yenye kalsiamu na fosfati nyingi hustahimili pH ya chini kidogo kuliko mwenye mate hafifu, lakini 5.5 inatosha kwa hesabu yetu.

Sasa tufike pale panapowashangaza watu wengi, yaani kwa nini kuongeza sukari katika kikombe hakuongezi madhara kwa kiwango kilekile. Ukoga ni utando mwembamba mno, na bakteria waliomo wana uwezo wenye kikomo wa kumeng’enya sukari kwa dakika moja. Maji yenye sukari kidogo sana hushusha pH kidogo, na utamu ukizidi mteremko nao huzidi, lakini kinywaji kikifika utamu wa soda ya kawaida, ambayo ina takriban asilimia 10 ya sukari, bakteria huwa wameshapata karibu yote wanayoweza kuyatumia. Ukizidisha utamu mara mbili baada ya hapo, pH haiendi chini mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya sukari hiyo ya ziada humezwa na kwenda tumboni bila kukutana na bakteria hata mmoja wa kwenye jino. Ukishakunywa funda la kwanza la soda, mafunda mengine tisa yanayofuatana nalo ndani ya dakika tano huongeza muda wa asidi kwa dakika hizo chache tu. Lakini mafunda hayohayo ukiyatenganisha kwa nusu saa nusu saa, kila moja litaanzisha mteremko wake.

Kinachoirudisha pH juu ni mate. Kwanza huosha sukari na kuipeleka tumboni kila tunapomeza; pili yana bikaboneti, ambayo huipooza asidi; tatu huleta kalsiamu na fosfati za kulipa kile jino lilichopoteza. Tunapotafuna, mate hutoka kwa wingi na bikaboneti yake huongezeka sana. Tunapokaa kimya tukifanya kazi mate hupungua, na usingizini hukaribia kukauka kabisa. Mate pia hayafiki sawasawa kila mahali: meno ya mbele ya chini yamekaa jirani na midomo ya tezi kubwa za chini ya ulimi na huoshwa muda wote, ilhali meno ya mbele ya juu hupata mate machache na hukaa na sukari muda mrefu zaidi. Hukutaja meno yako yametoboka wapi, lakini mtu anayekunywa chai tamu kutwa nzima mara nyingi huanza kuharibikiwa katikati ya meno ya mbele ya juu, na kwenye shingo za meno karibu na ufizi.

Tuchukue sasa siku yako na siku ya mumeo. Nitakadiria kwamba baada ya sukari kuingia, ukoga huchukua dakika tano kuvuka 5.5 kwenda chini, na kwamba sukari ikishakoma kuingia huchukua dakika 25 hivi kuuvuka tena kwenda juu. Nitakadiria pia kwamba kijiko kimoja cha chai ni gramu nne. Ukijaza kijiko hadi kikawa na kichuguu, ongeza mwenyewe. Namba hizi ni za wastani tu, lakini tofauti mtakayoiona ni kubwa kiasi kwamba kuzisogeza huku na huku hakubadilishi hukumu.

Mumeo anakunywa chai asubuhi, tuseme yenye vijiko vitatu, yaani gramu 12. Mchana anakunywa soda ya mililita 300 pamoja na chakula, ambayo ina gramu 30 au zaidi kidogo. Jioni anarudia chai ya gramu 12. Jumla ni gramu 54 au zaidi. Kila kipindi anakimaliza ndani ya robo saa, basi ukoga wake unakaa chini ya 5.5 kwa dakika kumi akiwa bado anakunywa na dakika 25 nyingine baada ya hapo, yaani dakika 35 kwa kila kipindi. Kwa vipindi vitatu ni saa moja na dakika 45 kwa siku. Saa 22 na robo zinazobaki, meno yake yamo juu ya mpaka na mate yanafanya ukarabati.

Wewe unaanza saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na dakika tano ukoga wako umeshashuka chini ya 5.5. Ungeiacha chupa hapo, pH ingekuwa imevuka mpaka kurudi juu kufikia saa mbili na nusu. Lakini anayekunywa huku anashona hufunua chupa kila baada ya dakika 15 au 20, kwa hiyo funda la pili linafika wakati pH bado ipo chini au ndiyo kwanza inaanza kupanda, na safari inaanza upya. Ni deni linalokopwa tena kabla lile la kwanza halijalipwa. Inaendelea hivyo hadi funda la mwisho saa saba mchana, na mpaka unavukwa kurudi juu mnamo saa saba na dakika 25. Saa tano na dakika 20 zimepita na ukoga wako haujatoka kwenye asidi, na sukari yote iliyofanya kazi hiyo ni vijiko vitano, yaani gramu 20.

Halafu zinakuja pipi. Pipi inayofyonzwa kwa dakika kumi hudondosha sukari mfululizo kwa muda wote huo, kwa hiyo kila moja inakugharimu dakika 30 hivi za asidi, na tatu zilizotengana ni saa moja na nusu. Siku yako inafikia karibu saa saba chini ya mpaka kwa gramu 30 hivi za sukari, dhidi ya saa moja na dakika 45 za mumeo kwa gramu 54. Ninyi nyote mngeandika kwenye karatasi kiasi cha sukari mnachonunua, wewe ungesifiwa.

Hapa nisitishe kidogo kwa sababu kuna pingamizi la haki. Chai yako, ukiipima, ina sukari ya asilimia nne tu, chini ya nusu ya utamu wa soda, na nimekwisha kusema kwamba maji yenye sukari kidogo hushusha pH kidogo. Ni kweli kwamba mteremko wako huenda haufiki chini kama wa mumeo. Lakini asilimia nne inatosha kuvusha ukoga uliokomaa chini ya mpaka, na hasara yako inatokana na urefu wa kukaa pale kuliko kina cha kufika.

Lipo pia jambo la pili ambalo hesabu ya dakika hailionyeshi, nalo huchukua wiki na miezi. Ukoga ni makazi, na wakazi wake hubadilika kulingana na hali ya hewa ya humo ndani. Bakteria wengi wasio na madhara hawastahimili kuishi katika pH ya 5 kwa saa nyingi kila siku. Huzaliana polepole au hufa. Wale wa streptokoki na laktobasili watoao asidi kwa wingi wamezoea asidi hiyo, na huendelea kula na kuzaliana pale wenzao waliposhindwa. Kwa hiyo ukoga unaoshushwa pH mara kwa mara hugeuka taratibu kuwa ukoga wenye watoa asidi wengi zaidi, nao humeng’enya sukari ileile kwa kasi kubwa zaidi. Stephan mwenyewe aliona kwamba watu wenye meno yanayooza sana walianza na pH ya chini kuliko wenye meno salama, wakashuka zaidi kwa sukari ileile, na wakakawia kurudi. Mkipimwa leo, wewe na mumeo mkisukutua kikombe kimoja cha maji ya sukari, yumkini mchoro wako ungekuwa wa kina zaidi kuliko wake, ingawa yawezekana mlipooana michoro yenu ilikuwa sawasawa.

Ushahidi mkubwa kabisa wa jambo hili ulipatikana kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Kati ya 1945 na 1953, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi humo waligawanywa katika makundi na kulishwa sukari kwa namna mbalimbali ili kuona meno yao yataoza kwa kasi gani. Hawakuombwa ridhaa na hawakuwa na uwezo wa kukataa. Kundi moja lilipewa sukari nyingi mno iliyoyeyushwa katika kinywaji, hadi gramu 300 kwa siku katika kipindi cha mwanzo, lakini pamoja na milo. Meno yao yaliongezeka kuoza kwa kiasi kidogo. Kundi jingine lilipewa tofi za kunata, hadi 24 kwa siku, katikati ya milo, na meno yao yaliharibika kwa kasi ya kutisha. Tofi zilipositishwa, kasi ya kuoza ilirudi chini. Ninautaja utafiti huu kwa sababu maarifa yake yamo katika ushauri wa kila daktari wa meno, na msomaji anastahili kujua yalitoka kwa nani.

Hata hivyo, usilichukue jibu hili ukalifanya ruhusa ya kumwaga sukari. Katika maisha ya kawaida, nje ya hospitali ya utafiti, mtu anayekula vitu vitamu mara nyingi ndiye huyohuyo anayekula sukari nyingi, na ni vigumu kutenganisha mambo haya mawili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, na meno yalikuwa miongoni mwa sababu zake. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12 na nusu vya gramu nne. Mumeo ameshauvuka mpaka huo, na meno yake mazuri hayaelezi lolote kuhusu uzito wake wala sukari yake ya damu. Kauli iliyo sahihi ni kwamba kwa jino, ukipewa kiasi fulani cha sukari, namna ulivyokigawa katika siku ina uzito kuliko kukipunguza kwa kijiko kimoja au viwili.

Nirudi kwenye chupa yako ya chai. Chukua gramu zilezile 20, usizipunguze. Mimina kikombe kimoja saa mbili unapokula kifungua kinywa, ukinywe na kukimaliza ndani ya robo saa, kisha kikombe kingine pamoja na chakula cha mchana. Vipindi viwili vya dakika 35 ni saa moja na dakika kumi, mahali pa saa tano na dakika 20. Ukihitaji kitu cha kunywa unaposhona, maji ni salama, na chai ya rangi isiyo na sukari kabisa haiwalishi bakteria. Neno “kabisa” nalisema kwa makusudi, kwa kuwa wengi hupunguza sukari hadi nusu kijiko wakaendelea kunywa kutwa, na wanabaki karibu na palepale walipokuwa. Wazee wa mwambao wanaokunywa kahawa chungu na kipande cha kashata au halua, wakamaliza na kuondoka, wana mpango mzuri kwa meno kuliko wengi wetu, ingawa nadhani hawakuupanga kwa ajili hiyo.

Pipi zikikushinda kuziacha, zifyonze mara tu baada ya chakula cha mchana, moja ikifuatiwa na nyingine, ili ziingie katika mteremko ambao chakula na chai vimeshauanzisha. Ukitafuna karanga za kukaanga baada ya kitu kitamu, pH hurudi juu haraka zaidi, kwa sababu kule kutafuna hukamua mate mengi na karanga hazina sukari ya kutosha kuwanufaisha bakteria. Ubani wa kutafuna usio na sukari hufanya kazi hiyohiyo. Tahadhari na vitu visivyoonekana vitamu lakini vinavyonata: biskuti na krispi huacha uji wa wanga kwenye mifereji ya magego, na wanga uliopikwa humeng’enywa taratibu na kuiweka pH chini kwa muda mrefu. Tende pia hunata, na yule anayezila moja moja kila saa hana tofauti na wewe na chupa yako.

Soda ina tatizo lake jingine, kwani yenyewe ni asidi kali hata kabla ya bakteria kugusa sukari yake, na hulainisha uso wa enameli moja kwa moja. Soda isiyo na sukari haina nafuu kwa upande huo. Mumeo asipige mswaki dakika chache baada ya kuinywa. Asubiri nusu saa.

Kuhusu mswaki wenyewe, una kazi mbili zilizo tofauti. Kuondoa ukoga kunapunguza kiwanda cha asidi, kwa hiyo kupiga mswaki kabla ya chai ya asubuhi kunafaa kuliko baada yake. Kazi ya pili ni kuacha floraidi kinywani. Floraidi huingia kwenye fuwele za jino wakati madini yanaporudi, na fuwele zenye floraidi hazianzi kuyeyuka mpaka pH ifike karibu 4.5, yaani asidi mara kumi zaidi ya ile ya 5.5. Utafiti uliochapishwa 2001, ambamo watu walivaa vipande vya enameli kinywani, ulionyesha kwamba bila floraidi vipande vilianza kupoteza madini kwa sukari ya mara tatu tu kwa siku, ilhali waliotumia dawa yenye floraidi walistahimili hadi mara saba kabla hasara haijaonekana. Wewe umevuka mara saba kabla ya saa nne na nusu asubuhi, ndiyo maana dawa ileile inamtosha mumeo na haikutoshi wewe. Hakikisha tyubu imeandikwa floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, tema povu bila kusukutua kwa maji, na mswaki wa usiku uwe jambo la mwisho kabla ya kulala, pasiwe na chai wala pipi baada yake, kwa maana usiku hakuna mate ya kuipandisha pH.

Kwa umri wako chunguza pia kama fizi zimerudi nyuma na kuacha shingo za meno wazi. Pale chini hapana enameli. Pana dentini ya mzizi, yaani sehemu ya ndani ya jino iliyo laini kuliko enameli, ambayo huanza kuyeyuka tangu pH ya 6.2 hadi 6.4. Kwa sehemu hiyo hesabu niliyoifanya hapo juu ni ya huruma mno, kwa sababu ukoga hukaa chini ya 6.2 muda mrefu zaidi kuliko chini ya 5.5, na hata chai yenye sukari kidogo inatosha kuufikisha hapo.

Njia ya kujua kama mabadiliko yanafanya kazi ni kutazama meno ambayo bado hayajatoboka. Piga mswaki, kausha meno ya juu kwa kitambaa safi, kisha simama mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha na utafute madoa meupe yasiyong’aa, kama chokaa, yanayofuata ukingo wa ufizi. Hayo ni maeneo yaliyokwisha kupoteza madini lakini uso wake haujavunjika, na bado yanaweza kukomaa tena. Piga picha kwa simu, urudie baada ya miezi mitatu au minne penye mwanga uleule. Doa linalopona hung’aa na kuwa gumu, wakati mwingine hubaki na weupe au hudhurungi hafifu. Doa linaloendelea kuoza huwa butu zaidi, hukwaruza ulimi, au hupata kishimo kinachonasa uzi wa kusafishia meno. Likishaingia kishimo, mate hayawezi kulijenga tena, na hilo, pamoja na meno yako manne, ni kazi ya kuzibwa. Mwombe daktari atakayeyaziba akupake vanishi ya floraidi kwenye shingo za meno yaliyobaki siku hiyohiyo, na umweleze juu ya chupa ya chai kabla hajaanza kukuuliza umekula sukari kiasi gani.